Karibu Hadi Sufuria ya Mwisho

3 Julai

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, na kile kidole nilichokikata na kioo kimepona, kwa hiyo jirani akikwambia kimeoza usimsikilize. Wewe je, waendeleaje? Na nyonga ya mama mkubwa inasemaje leo? Mpe salamu zangu, umwombe apunguze redio mchana ili nawe, uliyekwenda kumuuguza, upate kujinyoosha.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu ile ile. Kwenye simu mmoja wetu huanza kulia, mwenzake hufuata, salio linakwisha hatujasema kitu. Karatasi ina subira. Unaweza kuiacha mezani ukaenda kunawa uso, ukirudi bado inakungoja.

Mama, mkutano wa vijana wa kanda mwaka huu unafanyika kanisani kwetu. Tangu kaka aondoke, kiti chake cha uenyekiti kimebaki kitupu, nami naibu wake nimekuwa nakizunguka tu kama kuku anayezunguka sahani ya moto. Jumapili kamati imeniambia sasa nikikalie. Na unajua mwenyekiti wa vijana wa wenyeji kazi yake ya kwanza ni ipi. Ni kutoa ukaribisho.

Katibu wa kanda, yule tunayemwita Bwana Saa, alinisomea utaratibu kana kwamba nimetoka kuzaliwa jana. Baada ya sala ya kufungua na wimbo wa kwanza, mshereheshaji ananiita. Nasalimu kwa jina la Bwana. Naitambua meza kuu: mgeni rasmi, wachungaji, wazee. Kisha nayaita makundi ya wageni, kila ushirika kwa jina lake. Kundi likiitwa linasimama, na mwenyeji wake, kijana wetu mmoja, anatoka upande wetu na jagi la maji na bilauri, anakwenda kusimama nao. Kuanzia hapo wageni hao ni wake: mabegi yao, magodoro yao, anayeumwa tumbo, anayekoroma. Namalizia na malazi, chakula, vyoo na huduma ya kwanza, namrudishia mshereheshaji kipaza sauti. Sihubiri. Dakika nane, akasema Bwana Saa, akaigonga saa yake.

Nimekubali, Mama. Sikukuuliza kwanza, unisamehe. Niliona nikikuuliza nitapata sababu ya kukataa.

Wa bondeni watakuja pia. Ni haki ujue kutoka kwangu.

Wako mwanao,
Kitinda


11 Julai

Mwanangu Kitinda,

Marahaba, na Mungu akuweke. Sisi wa huku tupo. Nyonga ya dada yangu inapiga kelele kuliko redio yake. Ananiambia niandike kwamba redio haipungui, na anayetaka kulala akalale kwao.

Nimeisoma barua yako nikiwa nachambua mchele, nikaichambua tena pamoja na mchele. Kukubali umekubali vizuri. Kaka yako angepita na jambo hilo nyumba kwa nyumba akitangaza.

Unakumbuka alivyokuwa anajifunza ukaribisho? Pengine ulikuwa dukani kwenye vioo vyenu. Alikuwa anapanga sufuria zangu zote kwenye rafu ya jikoni, kuanzia ile kubwa ya sherehe hadi kile kisufuria cha chai kilichovunjika mkono. Anasimama mlangoni, ameshika mwiko, ananyoosha shati. "Mheshimiwa Sufuria Kubwa, meza kuu, karibu. Kikaango na ujumbe wako, simameni tuwaone, karibuni." Mimi nataka kupika, sufuria zipo mkutanoni! Nikimkemea ananiambia, "Mama, kile kisufuria cha mwisho hakijasikia. Kama hakijasikia, sijakaribisha." Basi anarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anaituma sauti, kama mtu anayempa mwenzake kitu kwa mkono.

Kwa hiyo sema hadi kisufuria cha mwisho kisikie. Na nakuomba, usianze na "mgeni njoo, mwenyeji apone." Kila mwaka anayekaribisha anaanza na hiyo, utadhani kanda nzima ni wagonjwa.

Sasa sikiliza neno langu moja. Ukifika kwenye jina la watu wa bondeni, liruke. Wataje wote, wao waache. Mwaka jana kaka yako alipeleka vijana wake kwao, gari likaharibika njiani, wakafika ukaribisho umeshakwisha. Hakuna aliyesimama, hakuna jagi. Magodoro yao yamegawiwa wengine. Wakaambiwa wangoje nje, na jioni ile kaka yako akavuka barabara kwenda kuwatafutia wenzake pa kulala, lori likamkuta. Mwanangu alikufa mgeni asiye na mwenyeji. Unataka uwaambie nini watu hao kwa kinywa chako?

Mimi sitakuja huko. Nitakuombea.

Mama yako


14 Julai

Mama mpendwa,

Shikamoo, na pole na nyonga ya watu na redio ya watu. Natumaini hujachoka sana. Mimi mwili mzima, moyo ndio unakwenda na kurudi.

Nilicheka sana juu ya sufuria, nikacheka hadi nikakaa chini. Fundi wetu mkuu akaniuliza kama nimevunja kioo. Sikujua habari hiyo hata kidogo. Mimi nilidhani kaka alizaliwa tu na maneno mdomoni. Kumbe alikuwa anajifunza kama sisi, tena kwa mwiko.

Lile neno lako la mwisho nimekaa nalo. Nimekwenda nalo kazini, nimerudi nalo. Siku moja nilikata kioo cha dirisha kifupi kwa upana wa kucha kwa sababu yake, na kioo kikiwa kifupi si ugali useme utaongeza unga.

Mama, siwezi kuwaruka. Nakuambia sasa ili usije ukasikia kwa mtu. Nikiliruka jina lao, watakaa wamekaa wakati wenzao wamesimama. Hakuna jagi litakalokwenda kwao. Nitakuwa nimefanya kwa kusudi kile ambacho wao walikifanya kwa kutoangalia. Halafu usiku wao watalala wapi? Na kijana wao akivuka barabara?

Sisemi nimewasamehe. Kwenye msiba walikuja, nawe ukageuza uso, nami nikaona. Walisimama getini na mavazi yao ya kwaya mpaka watu wakaanza kuondoka. Mimi pia sikuwaendea. Sikuwa na la kuwaambia, na bado sina. Lakini ukaribisho si lazima mtu awe na la kusema. Ni jina, na mtu, na maji.

Kuna jambo jingine nimelipeleka kwenye kamati. Nimesema, wanaochelewa nao wakaribishwe. Wakifika mchana, mchana. Wakifika kesho, kesho. Waitwe kwa jina, wasimame, mwenyeji wao aende. Bwana Saa aliweka kalamu chini. "Binti, ukaribisho ni mmoja. Harusi haifungwi mara mbili kwa sababu shangazi alichelewa."

Nikamwambia, "Kweli, Katibu. Lakini shangazi akifika, hatumwachi getini."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema ratiba imeshachapwa, na ratiba ikivunjwa mkutano unakuwa soko. Anataka hata makundi nisiyataje, niseme tu "itifaki imezingatiwa" niende zangu. Makundi nimeshinda, nitayataja. Wanaochelewa nimeshindwa, kwa sasa.

Niandikie, Mama. Hata ukiwa umekasirika, niandikie.

Wako,
Kitinda


24 Julai

Kitinda,

Marahaba. Barua nimepata. Mama mkubwa hajambo. Mvua haijanyesha.

Fanya unavyoona.

Mama wa kaka yako


5 Agosti

Mama,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute salama.

Ulivyotia sahihi, nimesoma. Nimeiweka barua yako kwenye meza yangu ya kukatia, chini ya kipande cha kioo, ili nisijifanye sijaisoma. Ni kweli, wewe ni mama wa kaka. Na mimi ni mdogo wake, kiatu chake cha zamani ndicho nilichovaa kwenda shule. Tumefiwa na mtu mmoja, Mama, ila kila mtu amefiwa kivyake.

Sitarudi nyuma. Nakuambia maandalizi yalipofika, ili hata ukiwa umenikasirikia ujue hatukulala.

Magodoro tumeazima shule ya jirani, wasichana madarasa ya upande wa ua, wavulana upande wa uwanja. Meza ya usajili iko chini ya varanda, si getini, ili wageni wasipigwe jua wakiandikisha majina. Wenyeji wote wana utepe wa njano begani, nami nimewafundisha kitu kimoja: mgeni akikuuliza choo kiko wapi, usinyooshe kidole, mpeleke. Mmoja akaniuliza, "Hata mkubwa kama mgeni rasmi?" Nikamwambia, "Huyo ndiye mpeleke mbio."

Ukaribisho nimeujaribu jikoni kwako. Ufunguo nilichukua kwa jirani. Nilipanga sufuria kwenye rafu, kubwa hadi ndogo. Mara ya kwanza sauti ilikufa kwenye kikaango. Nilikuwa nasemea kooni. Nikakumbuka ulivyoniandikia, kwamba alikuwa anaituma kama mtu anayempa mwenzake kitu. Nikakitazama kile kisufuria cha chai, nikawa nakipa sauti. Ikafika.

Mwenyeji wa watu wa bondeni, kila niliyemgusa alikohoa, akatazama viatu vyake. Hawataki kukuudhi. Basi jagi lao nitalibeba mimi.

Kitinda, mwanao


12 Agosti, Ijumaa asubuhi

Mama mpendwa,

Shikamoo. U hali gani? Mimi sauti imekauka, hivyo ni bahati kwamba barua haihitaji sauti. Naandikia kwenye stoo ya jiko la kanisa, nimekalia gunia, na gari la vifurushi linaondoka sasa hivi. Usishangae mwandiko.

Jana mkutano ulifunguliwa. Wageni walijaza ukumbi, wengine wakakaa madirishani. Baada ya sala na wimbo, mshereheshaji akaniita. Nikasema, "Bwana asifiwe!" wakaitika, na ule mwitikio ukanishika kama ukuta. Nikaitambua meza kuu, nikaanza makundi. Kila kundi liliposimama, upande wetu wote tulisimama pia na kuwageukia, na utepe wa njano mmoja ukatoka na jagi. Ikawa inapendeza, Mama. Watu walianza kunyoosha shingo waone wao atawajia nani.

Nikafika. Nikasema, "Ushirika wa bondeni, simameni tuwaone."

Hakuna aliyesimama.

Nikatazama kila upande. Watu wakageuziana nyuso, maana hakuna asiyejua. Kisha mtu nyuma akasema, si kwa kunong'ona sana, "Wanaona haya. Wangekuja kufanya nini?" Na mwingine, "Pita, dada, pita." Bwana Saa akanionyesha kwa kidole: endelea.

Mama, ilikuwa rahisi sana. Ulichoniomba kilikuwa kimekuja chenyewe, nami nisingekuwa na hatia yoyote. Kulitaja nimelitaja, hawapo, basi. Na hapo ndipo nilipoona jinsi ilivyokuwa mwaka jana. Hakuna aliyetuchukia. Mtu aliliita jina letu mara moja, likakosa mwenyewe, akapita kwenye jina linalofuata.

Nikasema, "Bado hawajafika. Nafasi yao ipo, na mwenyeji wao ni mimi." Nikashuka na jagi, nikaliweka kwenye benchi tulilowatengea, bado tupu, mstari wa tatu, na bilauri juu yake. Nikarudi, nikamalizia na malazi na vyoo. Sijui kama zilikuwa dakika nane. Bwana Saa ndiye anayejua.

Mchana, mwalimu wa somo akiwa katikati ya mafundisho, kijana wa usajili akaja kuniita. Wamefika. Nikatoka. Walikuwa getini, Mama, kwenye jua, kama walivyosimama getini kwetu siku ya msiba. Gari lao lilichemka, wengine walitembea. Mbele yao yule dada mwembamba aliyekaribisha wageni mwaka jana. Hakuingia hata mguu mmoja. Akasema, "Tutakaa nje tu, tusiwasumbue. Tutasikilizia hapa."

Nikamwambia, "Hapa hakuna anayesikilizia nje. Ngoja kidogo."

Nikamwendea Bwana Saa, nikamwomba kipaza sauti. Akasema, "Ukaribisho umekwisha. Mwalimu anafundisha. Waingie taratibu kwa mlango wa nyuma, wakae panapopatikana."

"Panapopatikana ndipo kaka yangu alipoambiwa akae," nikamwambia.

Akanitazama. Akaitazama saa. Nadhani ni mazoea tu, kama mtu anayeshika sikio. Kisha akasema, "Kipaza sauti ni cha mwalimu. Siwezi kumnyang'anya." Lakini hakusema nisiende.

Nikangoja mwalimu atie nukta. Unajua walimu wa somo, nukta kwao ni kama mvua ya kiangazi. Alipofungua chupa ya maji nikasimama katikati ya ukumbi, mikono mitupu, nikageukia mlango mkubwa. Nilikuwa nimewaambia waje hapo, na walikuwa wamekuja, wamejibana kwenye kizingiti. Yule dada alikuwa wa mwisho, nyuma kabisa, amejificha kwa begi. Nikamtazama yeye. Yeye ndiye alikuwa kisufuria cha chai.

Nikasema, "Bwana asifiwe. Ushirika wa bondeni wamefika. Wenyeji, tusimame. Wageni wetu wa bondeni, karibuni. Maji yenu yapo, magodoro yenu yapo. Karibuni."

Sikupiga kelele. Nilituma, ikafika.

Kwanza hakuna aliyesimama. Halafu Bwana Saa akasimama, Mama. Yeye. Ukumbi mzima ukafuata, mabenchi yakalia kama radi. Nikawaendea mlangoni, nikambebea yule dada begi lake, nikawapeleka benchi lao. Maji yalikuwa yamepata joto. Akanywa bilauri nzima, akashika ya pili. Kwa utaratibu, mgeni anajibu ukaribisho kwa neno la shukrani. Alisimama, akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Akakaa. Mwalimu alikuwa na akili, akaanzisha wimbo.

Jioni nikiwaonyesha madarasa, aliniuliza kitu kimoja tu. "Mama yupo? Tulitaka tumsalimu kwanza, kabla ya kulala kwenu."

Nikamwambia yuko mbali. Akasema, "Basi tutangoja mpaka Jumapili. Tulishazoea kumngoja."

Hilo ndilo nililotaka lifike kabla ya mwisho wa mkutano. Ukiwa bado umekasirika, sawa. Mimi ni wako hata hivyo.

Kitinda


13 Agosti, Jumamosi

Mwanangu Kitinda,

Marahaba, marahaba. Tu wazima. Dereva wa vifurushi anangoja mlangoni, na mama mkubwa anamlisha ili asiondoke, kwa hiyo naandika upesi.

Barua yako nimeisoma kwa sauti. Dada yangu alizima redio. Tangu nije hapa sijaona muujiza kama huo. Nilipofika pale kwenye jagi na benchi tupu, akaniambia, "Rudia hapo." Nikarudia. Akaniambia, "Sasa unakaa nini?"

Kaka yako alipokuwa mdogo, akitoka shule alikuwa anasimama mlangoni mpaka nimwambie karibu. Nyumba ni yake, naye anangoja aambiwe! Siku nyingine nilikuwa na shughuli, nikamwambia, we mtoto, ingia. Anabaki pale pale, ananitazama tu na mkoba mgongoni. Basi nafuta mikono, nasema, karibu mwanangu. Hapo ndipo anaingia. Sijui kwa nini nilisahau jambo hilo mwaka mzima. Nilikumbuka barabara tu, na lori.

Gari la kesho linaondoka alfajiri, na njia ni ndefu. Ibada ya kufunga itakuwa imeshaanza. Nitachelewa. Mwambie Bwana Saa mapema ili moyo wake usisimame.

Usinitengee kiti mbele kwa akina mama. Watu wa bondeni wasogee kidogo kwenye benchi lao, mstari wa tatu. Yule dada mwembamba akae kando yangu. Nina la kumwambia, na kama halitatoka, tutakunywa maji.

Na wewe ukiniona mlangoni, usije ukakimbia kunikumbatia. Simama pale pale ulipo. Nitangoja kwenye kizingiti mpaka uniite.

Mama yenu